Nilibandikwa jina la Ndoo kwa sababu ya lahaja yangu. Nimeiandika, na hapa ndipo nilipokwama

Kokoto:

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nimekulia katika Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Nyumbani kwetu njoo ni ndoo, njia ni ndia, njaa ni ndaa, macho ni mato, kucheza ni kuteza. Sikujua kwamba hiyo ni lahaja. Nilidhani ni kusema tu. Nikiwa na miaka kumi baba alipata uhamisho, nikaingia darasa la nne katika shule ambayo hakuna aliyesema hivyo.

Siku ya pili, uwanjani, nilimwita mwenzangu: "Ndoo!" Akaenda mbio, akarudi na ndoo ya maji, akaitua miguuni pangu. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tangu hapo nikaitwa Ndoo hadi tulipomaliza shule.

Basi nikaamua kujirekebisha. Ila mtoto hapewi orodha ya maneno ya kurekebisha. Mimi nilichojua ni kwamba t yangu na nd yangu zina kasoro, kwa hiyo nikawa nazikwepa kila nilipozikuta. Tulipoambiwa tuandike barua ya kirafiki nikamwandikia kaka yangu, nikaanza hivi: "Njugu yangu mpenjwa." Mwalimu akaisoma kwa sauti mbele ya darasa. Ndugu ni ndugu hata kwetu, haikuwa na haja ya kuguswa. Lakini nilikuwa nimeshapoteza uwezo wa kujua lipi langu na lipi la wote.

Sasa nina umri wa kutosha na nimeanza kuyaandika haya kama hadithi. Nimeandika rasimu tatu.

Ya kwanza yote ilikuwa katika Kiswahili sanifu. Nikaandika "walinicheka kwa lahaja yangu" na kuendelea. Niliposoma nikaona msomaji anaambiwa kuna jeraha lakini haonyeshwi. Hajasikia hata neno moja lililochekwa.

Ya pili nikaiandika yote kwa Kimvita, na maelezo chini ya kila ukurasa. Rafiki yangu akasoma kurasa mbili akaniambia macho yake yanapanda na kushuka kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Kuna jambo jingine pia. "Walikuwa wakiniteka" kwetu maana yake walikuwa wakinicheka. Msomaji mwingine anaelewa kwamba nilikamatwa mateka.

Ya tatu ndiyo hii ninayoishikilia. Msimulizi anatumia sanifu kwa sababu ndiye mimi wa leo, na ndivyo ninavyoandika kila siku. Lakini maneno yanayosemwa yanaandikwa kama yalivyosemwa siku hiyo. Kwa hiyo ukifuata maneno ya yule mtoto tu, bila kusoma kingine, unaona yaliyompata. Mwanzoni anasema "Ndoo tuteze." Kisha "Njugu yangu." Kisha kwa kurasa sita hasemi kitu kabisa, msimulizi ndiye anayesema kwa niaba yake. Anaporudi kusema anasema "Njoo tucheze," safi, na hakuna anayecheka.

Mahali ambapo hadithi inanibana ni hapa. Jioni moja mama aliniita: "Ndoo ule." Nikamjibu, "Sina njaa." Akasimama na upawa mkononi. "Huna nini?" Sikumjibu. Kesho yake akaniuliza kama nina njaa. Alilitamka taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua. Alikuwa amelibadilisha kwa ajili yangu.

Nimelisema hilo hapa kwa sentensi nane. Kwenye hadithi limenishinda, kila nikiliandika linakuwa refu na lenye machozi mengi. Badala yake nimeandika ubeti. Nauweka hapa mnikosoe:

Nalikana ile ndia, nikiwa bado mtoto,
Ulimi ukasinzia, ukawa kama kokoto,
Leo ninauwatia, utiririke ja mto,
Mama akiniambia: ndoo, nikufute mato.

Niliupeleka kwenye jarida moja. Ukatoka, lakini mhariri alikuwa amebadilisha ndia kuwa njia na ndoo kuwa njoo bila kuniuliza. Mato akayaacha.

Maswali yangu ni mawili. Je, njia hii ya rasimu ya tatu inafaa, au nitamchosha msomaji? Na nifanye nini ili nisirekebishwe tena?

Tamka:

Pole sana ndugu. Tatizo la matamshi linatibika. Jirekodi kila asubuhi ukisoma ukurasa mmoja wa gazeti, kisha sikiliza ulipokosea. Ili utamke nj badala ya nd, weka ubapa wa ulimi juu ya kaakaa badala ya ncha. Ndani ya miezi mitatu hakuna atakayejua ulikotoka.

Kokoto:

Asante ndugu Tamka, nimeona nia yako njema. Ila mimi nilishafika huko nikiwa darasa la tano. Leo nikizungumza nawe kwa simu hutajua. Ninachouliza ni namna ya kuiandika, siyo kuiondoa.

Asilia:

Mkuu usijidharau! Kimvita ndicho Kiswahili chenyewe. Mshairi Muyaka alitunga kwa Kimvita, na alifariki 1840, kabla hata hao wa sanifu hawajafikiriwa. Mwaka 1930 wakoloni wakakaa wakachagua Kiunguja, wakakiharibu zaidi, wakatulazimisha wote. Neno la asili ni mato. Macho ni neno lililopinda. Andika kitabu kizima kwa Kimvita, asiyeelewa akajifunze.

Mzee wa Mizani:

Asilia, umeshika ncha moja ya kamba ukaiacha nyingine.

Ni kweli Muyaka alitunga kwa Kimvita, na ni kweli uamuzi ulikuwa wa watu, haukuteremka na mvua. Mkutano ulifanyika 1928, tena Mombasa kwenyewe, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Kabla ya hapo kulikuwa na mvutano mrefu. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844 na kamusi yake ilitokana na Kiswahili cha huko. Mmisionari mwingine, Steere, alifika Unguja 1864, akafanya kazi na Kiunguja. Vitabu vikawa vya namna mbili. Kiunguja kilichukuliwa kwa sababu kilikuwa kimeshasafiri bara na misafara ya biashara, watu wengi wa mbali walikuwa wanakielewa tayari. Hiyo ni sababu ya barabara na soko, haina uhusiano na uzuri wala ubovu wa neno.

Lakini kusema macho ni mato yaliyopinda ndiko kurudia kosa lile lile alilotendewa Kokoto uwanjani, ila tu umegeuza upande. Mato na macho ni ndugu wa tumbo moja. Mzazi wao alikuwa na sauti ya tatu ambayo leo hakuna hata mmoja wao anayeitamka. Hakuna aliyemwibia mwenzake.

Sasa nikujibu wewe mwenye uzi. Jambo lililonigusa ni ile njugu, kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho unaweza usiwe umekiona. Wenzako walipokuiga, walikuigaje?

Kokoto:

Shikamoo Mzee. Waliniiga hivi: "Habari ndema? Umekula takula? Uko tumbani?" Na kila wakisema walifumba jicho moja, sijui kwa nini.

Mzee wa Mizani:

Marahaba mwanangu. Sasa niambie: mama yako alisema takula?

Kokoto:

Hapana. Chakula. Na chumba, chombo, choo, vyote kwa ch. Na habari njema, siyo ndema. Mzee, sijawahi kulifikiria hili mpaka dakika hii.

Mzee wa Mizani:

Ndiyo hilo. Ch za Kiswahili sanifu zimetoka njia mbili. Ya macho, kucheka, kucheza, kichwa, kuchukua ni ya zamani sana, na hiyo ndiyo Kimvita huitamka t: mato, kuteka, kuteza, kitwa, kutukua. Ya chakula, chumba na chombo ni ki iliyokutana na irabu, ki na akula, ki na umba. Hiyo Kimvita huiacha ch kama kawaida, na ukitaka ushahidi angalia wingi wake, utaona vyakula, vyumba, vyombo. Nj nayo ni hivyo. Njoo, njia, njaa, nje, kuvunja zinakuwa ndoo, ndia, ndaa, nde, kuvunda. Lakini njema ni n ya ngeli imekutana na ema, haiguswi.

Kwa hiyo wale watoto walikuwa wanaiga lugha ambayo haisemwi na yeyote duniani. Walichukua kanuni moja wakaipaka kila mahali. Na wewe ulipoandika njugu ulifanya kosa hilo hilo kwa upande wa pili, ukachukua kanuni yao ukaipaka kila mahali. Ubao ni mmoja, mnausukuma kutoka pande mbili.

Kwa mwandishi hili ni mali. Wape wachokozi wako maneno yao kama walivyoyasema, ndema na takula, bila kuyasahihisha wala kuyaeleza. Kisha mwandike mama akisema chakula katika ukurasa wa karibu. Msomaji anayejua atashtuka hapo hapo. Asiyejua atahisi kwamba mama na wachokozi hawasemi kitu kimoja, hata kama hawezi kusema tofauti iko wapi.

Msomaji tu:

Mimi Kimvita sikijui kabisa na nilidhani takula ni sahihi. Nafuatilia.

Sauti Moja:

Naomba nichangie japo mimi yangu siyo lahaja, ni lafudhi. Lugha yangu ya kwanza haitofautishi r na l. Nilichekwa kuanzia shule hadi kazini, na huko kazini ndiko kulikoniuma zaidi kwa sababu walikuwa watu wazima.

Nilipoanza kuandika nikafanya kama Kokoto, nikaandika nilivyosema. "Rakini mimi sijarara." Mhusika wangu akasema hivyo sura nzima. Nikawapa watu watano wasome. Wote walicheka, hata pale ambapo mhusika anapewa taarifa ya msiba. Sikuwa nimeandika mtu wa kuchekwa. Nilikuwa nimejiandika mimi, na herufi zangu mwenyewe zikawa zinanicheka kwa niaba ya wale wa kazini.

Nikafanya kitu kimoja. Nikajirekodi nikisimulia kisa kile kile kwa mdomo, dakika kumi na mbili, kisha nikasikiliza neno "lakini" na neno "kulala" mara nyingi, nikizirudia. Unajua nilichosikia? Sisemi rakini. Wala sisemi lakini ya redioni. Nina sauti moja, ulimi unapiga juu mara moja haraka na kuondoka, na hiyo moja naitumia kwa zote mbili. Anayesubiri l anasikia r. Anayesubiri r anasikia l. Ndiyo maana walioniiga waliapa nazibadilisha, kumbe masikio yao ndiyo yaliyokuwa yanabadilisha.

Tangu hapo nimeacha. Mhusika wangu naandika maneno yake kwa tahajia ya kawaida, kila neno. Lafudhi inaonekana kwa wanaomsikiliza: mmoja anamwomba arudie namba ya simu ambayo ameisikia vizuri, mwingine anamaliza sentensi badala yake. Na yeye mwenyewe anachagua maneno. Nilikuwa nakwepa "kulala", nasema "kupumzika". Nilikuwa nakwepa "rula", nasema "ile ya kupigia mistari". Hilo la kukwepa halijaandikwa na mtu, na mimi nimelifanya miaka kumi na mitano.

Sasa Kokoto, naona wewe unaandika ndoo na mato kwa herufi zake. Labda kwako inafaa. Kwangu ilinivunjia hadithi.

Kokoto:

Dada Sauti Moja, hilo la kukwepa limenishika. Nami nilikwepa "njoo" mwaka mzima, nikawa naita watu kwa mkono.

Nadhani tofauti yetu ni hii. Mato ni neno. Lina wingi na umoja wake, jito na mato, limeandikwa na watu kabla yangu, na mama akiliona kwenye karatasi atalisoma. Rakini siyo neno la mtu yeyote, ni picha ya sauti iliyochorwa na asiyeisema. Kwa hiyo lahaja iandikwe, lafudhi ionyeshwe kwa njia nyingine. Nimekosea?

Mzee wa Mizani:

Hapo ndipo hata mimi ningesimama.

Sauti Moja:

Mimi sisimami hapo, samahani.

Maana yake ni kwamba wewe una haki ya kuonekana kwenye karatasi kwa sababu babu zako walikuwa na washairi, na mimi nifichwe ndani ya tahajia ya wengine kwa sababu babu zangu hawakuandika kwa Kiswahili. Nimechagua tahajia ya kawaida kwa sababu herufi zilizopo hazina sauti yangu, sikuchagua kwa sababu sauti yangu siyo ya mtu yeyote. Ni ya watu wengi sana.

Halafu hata wewe hujaandika yote. Kimvita kina t mbili, ya meno na ya ufizi. Umeandika t moja. Kina paa la nyumba na paa mnyama mwenye pumzi kwenye p, na hiyo pumzi huiandiki. Kwa hiyo na wewe unaandika nusu ya sauti yako na kuiacha nusu, ila nusu uliyoiandika ina sifa.

Kokoto:

Sina jibu. Umesema kweli kuhusu t. Niliwahi kujaribu kuweka alama ya ritifaa baada ya p na t zenye pumzi, p'aa, t'embo, ikawa kama ukurasa umeingiwa na wadudu. Nikaiondoa. Nilijiambia msomaji wa kwetu ataisikia mwenyewe, na wa mbali hatapungukiwa. Sasa naona hoja hiyo hiyo ingeweza kuondoa mato pia.

Asilia:

Mnazunguka sana. Mzee, kama mato na macho ni ndugu, basi mhariri alikosea kubadilisha ndia au hakukosea?

Mzee wa Mizani:

Alikosea kwa kutouliza. Ila tazama alichobadilisha na alichoacha, kwa sababu kuna jibu la swali la pili la Kokoto humo.

Ndia na njia zote zinaishia na ia. Kina cha kati cha ubeti ni ia, kwa hiyo ukiweka njia, kina hakivunjiki na mizani inabaki nane. Mkono wa mhariri ulipita bila kukwama. Ndoo iko mwanzo wa kipande, haina kina cha kulinda, nayo ikaenda. Lakini mato yamefungwa na mtoto, kokoto na mto. Ukiweka macho ubeti unabomoka na kila mtu ataona. Mhariri hakuyaacha mato kwa heshima, aliyaacha kwa sababu hakuweza kuyatoa.

Kwa hiyo neno usilotaka liguswe lifunge kwenye kina ambacho ndugu yake wa sanifu hawezi kukiingia. Mato, kitwa, nti hufaa, maana macho, kichwa, nchi huishia na cho, chwa, chi. Ndia, ndaa hazifai kwa kazi hiyo, njia na njaa zitavaa nguo zake na kukaa kitini pake. Ukiitaka ndoo isiguswe itabidi ubeti wenyewe uitegemee kwa maana, kwa mfano mtu aelewe ndoo ya maji na msomaji asikie mama anayeita. Ukiondoa ndoo hapo, kisa hakipo tena. Nawe kisa hicho unacho, kimekaa uwanjani miguuni pako.

Kwa hadithi ya nathari hakuna kina cha kukulinda. Andika barua fupi uiambatishe: mazungumzo yameandikwa kwa Kimvita makusudi, maneno ni haya na haya, msirekebishe. Na hakikisha wewe mwenyewe hujachanganya. Ukiandika kuteza ukurasa wa 3 na kucheza ukurasa wa 9 kwa mdomo wa mama yule yule, mhariri atadhani moja ni kosa la chapa, na atakuwa na haki.

Kokoto:

Nimefanya orodha usiku huu, Mzee. Maneno thelathini na moja. Nimekuta mama amesema "nje" mara mbili na "nde" mara moja, na "kwenye kichwa" mahali ambapo asingesema kamwe. Yote niliandika mimi bila kujua. Simu nayo imenisahihisha mara nne, "kitwa" inageuka "kutwa" nisipoangalia.

Lakini kuna "njaa" moja ambayo siigusi. Ile ya kesho yake.

Msomaji tu:

Hiyo njaa. Nimerudi kuisoma mara ya tatu. Mkuu, usiandike kitu kingine pale. Umesema kwenye hadithi inakuwa ndefu, lakini hapa juu ilikuwa fupi na nimeielewa, mimi ambaye Kimvita sikijui. Nilishaona "ndaa" mahali pengine kwa hiyo nilipofika "njaa" nikajua mama amefanya nini.

Mzee wa Mizani:

Msomaji amesema kitu kikubwa kuliko mimi. Ila kuna sharti: awe ameshamsikia mama akisema ndaa kabla, walau mara mbili, katika mambo ya kawaida yasiyo na uzito. Katika ulivyosimulia hapa umeitaja ndaa kwenye aya ya mwanzo tu, kama mfano. Katika hadithi iwekwe mdomoni mwake mapema.

Bi Mkubwa:

Hamjambo wanangu. Mimi ni wa Kimvita tangu tumboni, nimesoma uzi wote kimya. Kokoto, ubeti wako mzuri lakini mstari wa mwisho siyo mama wa kwetu. "Akiniambia" nani? Sisi twasema akinambia. Umemnyima mamako ulimi wake katika mstari ule ule uliotaka kumpa.

Kokoto:

Shikamoo Bi Mkubwa. Naafiki, na nilijua. "Mama akinambia" ni mizani saba, nilikosa moja. Ndiyo nikaweka akiniambia ili kujaza.

Bi Mkubwa:

Marahaba. Kwani wewe humwita "mama" tu ukimtaja kwa watu? Sema mamangu.

Mzee wa Mizani:

Ma-ma-ngu-a-ki-na-mbi-a. Nane. Bibi, umetuweka sote darasani.

Kokoto:

Mamangu akinambia: ndoo, nikufute mato.

Nimeusoma kwa sauti peke yangu chumbani. Niliweka akiniambia kwa sababu mkono wangu umezoea kusahihisha, hata nikiwa naandika dhidi ya kusahihishwa. Asante sana bibi yangu.

Sauti Moja:

Nimekaa na uzi huu siku mbili. Kuhusu kuandika lahaja na kutoandika lafudhi bado sijakubali, na sidhani nitakubali. Lakini jambo la orodha nimelichukua. Nimeandika orodha ya maneno niliyokuwa nakwepa: kulala, rula, kulalamika, ralli, jina la bosi wangu wa kwanza. Yamefika ishirini na mawili. Naandika upya ile sura ya msiba. Mhusika anapigiwa simu, anaambiwa nani amefariki, na inabidi awaambie wenzake ofisini. Sentensi yenyewe ina "amelala" kwa maana ile nyingine, ndivyo kwao inavyosemwa kwa heshima. Hawezi kulikwepa. Anasimama katikati ya meza, na wote wanamtazama mdomo.

Sijui bado kama atalisema.

Bi Mkubwa:

Ukishaandika lete hapa tulione.